Madamu alisema sawa, kisha akanyamaza

*Nilikuwa stoo ya kampuni ya kusambaza dawa huku Eneo la Viwandani kwa miaka miwili na ushei. Meneja wangu wa wakati huo alishahama, sasa yuko kampuni nyingine Westlands. Nimeomba kazi ya ofisa wa ugavi kwenye shirika lisilo la kiserikali, nao wanataka barua ya mapendekezo kutoka kwa mtu aliyenisimamia. Makataa ni Ijumaa ya wiki ijayo. Nilimwandikia WhatsApp: "Habari Madamu, naomba uniandikie barua ya mapendekezo." Akajibu: "Sawa, nitakuandikia." Siku tisa zimepita. Juzi nilimuuliza amefikia wapi, nikaona tiki mbili za buluu na kimya. Nimkumbushe vipi bila kumkera? Ama niandike barua mwenyewe nimpelekee aweke sahihi tu?*

*Karani wa zamani, Donholm*

Madamu hajakukataa. Nimekaa upande wake wa meza miaka mingi, kwanza nikiwa msimamizi na baadaye katika idara ya rasilimali watu, na kilichompata nakijua kwa sababu kimenipata mimi pia. Aliposema sawa alimaanisha. Jioni moja akafungua kompyuta, akaandika "Kwa Yeyote Anayehusika", akaanza sentensi ya kwanza: "Nilimsimamia kuanzia mwaka wa..." Hapo akakwama. Ni 2020 au 2021? Ulikuwa msaidizi wa stoo au karani? Barua inakwenda kwa nani, na ni kazi gani unayoiomba? Tangu mwachane amesimamia watu wengine, na wote walikuwa wakihesabu makatoni. Akaona kwamba ili aandike aya moja ya kweli itabidi akuulize maswali sita, na hakuwa na nguvu ya kuyauliza saa mbili usiku. Akafunga akisema kesho. Wewe nawe ukamuuliza amefikia wapi, swali linalomkumbusha deni bila kumpunguzia hata senti.

Kwa hivyo usimtumie kumbusho jingine. Mtumie vitu alivyokosa usiku ule.

Kabla ya kukujibu nilikuuliza kwa simu kuhusu kazi yako ya stoo, na yale uliyonieleza ndiyo nitakayoyatumia hapa ili tuione barua kamili badala ya kuizungumzia hewani. Nimebadilisha mambo machache ili usitambulike.

Anza na WhatsApp, lakini WhatsApp iwe mlango tu, na yaliyomo yaende kwa baruapepe. Ujumbe wa WhatsApp unasomwa mtu akiwa kwenye foleni ya magari Waiyaki Way, halafu unazama chini ya picha za kikundi cha harambee. Baruapepe inakaa, na jioni ataipata kwenye kompyuta ile ile atakayoandikia. Usianze kwa "Habari Madamu" halafu ukasubiri aitikie. Mtu ambaye hamjaongea miaka miwili akisalimia bila kusema shida yake, kila mkubwa wa Nairobi anajua ni mchango wa harusi unakuja. Salamu na haja viende pamoja, hivi:

"Habari ya asubuhi Madamu, natumai u mzima. Samahani, nilikuomba barua bila kukupa habari za kukuwezesha kuiandika. Nimezikusanya zote mahali pamoja. Nizitume kwa baruapepe gani? Na kama wiki hizi mbili zimekubana, niambie tu, nitaelewa."

Sentensi ya mwisho usiiondoe. Wengi huiogopa wakidhani wanamfungulia mtu njia ya kutoroka, na ni kweli wanaifungua. Meneja asiyetaka kukuandikia, au asiyekukumbuka vizuri, ni heri atoke kwa mlango huo leo kuliko akuandikie barua baridi siku ya mwisho. Barua baridi unaifahamu, huenda hata unayo moja kwenye faili. Inasema ulifanya kazi kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, wewe ni mwaminifu na mchapakazi, huna rekodi mbaya, na msaada wowote utakaopewa utathaminiwa. Nimesoma mamia ya barua za namna hiyo. Msomaji wa upande wa pili huona tu kwamba mwandishi hakuwa na la kusema.

Akishakupa anwani, tuma baruapepe hii. Nimeiandika yote kwa sababu uzito wake uko kwenye vipimo vidogo vidogo.

> Kichwa: Barua ya mapendekezo, kazi ya ofisa wa ugavi (naiomba kufikia Jumatano ya wiki ijayo)
>
> Habari Madamu,
>
> Asante kwa kukubali kuniandikia. Haya hapa ndiyo utakayohitaji, usisumbuke kutafuta kitu.
>
> Kazi yenyewe. Ofisa wa ugavi katika shirika linalopeleka dawa kwenye vituo vya afya vya kaunti. Tangazo lao linasisitiza mambo mawili: utunzaji wa dawa zinazohitaji baridi, na usahihi wa rekodi za stoo. Nimeliambatisha.
>
> Barua inakokwenda. Iandikiwe Meneja wa Rasilimali Watu. Jina la shirika na anwani viko chini kabisa. Ukurasa mmoja unatosha. Ukinitumia PDF yenye sahihi yako, nitaipakia mimi. Makataa yao ni Ijumaa ya wiki hiyo hiyo ijayo, saa kumi na moja jioni.
>
> Tulipofanya kazi pamoja. Machi 2021 hadi Julai 2023. Nilianza kama msaidizi wa stoo, nikawa karani wa stoo Februari 2022. Ulinisimamia wewe mwenyewe muda wote huo.
>
> Mambo uliyoyaona. Novemba 2022, Jumamosi moja stima ilipotea na jenereta ikakataa kuwaka. Nilihamishia insulini kwenye masanduku ya baridi na kuandika halijoto kila nusu saa hadi stima iliporudi saa nne usiku. Haikupita nyuzi 8. Jumatatu uliikagua ile karatasi ukaitia sahihi.
>
> Juni 2022, tulipohesabu stoo, mfumo ulionyesha pakiti 460 za amoksilini zaidi ya zilizokuwa rafuni. Nilipitia hati za kutoa bidhaa za miezi miwili nikapata kwamba katoni 20, kila moja ya pakiti 24, zilipelekwa hospitalini lakini zikaingizwa kwenye mfumo kama pakiti 20. Ulinifanya nieleze jambo hilo mbele ya mhasibu.
>
> Nilipohitaji kusukumwa. Mwanzoni sikuthubutu kumkatalia dereva aliyeleta mzigo bila hati kamili. Ulinionyesha namna ya kufanya, na mwaka wa pili nilikuwa nikiwarudisha mwenyewe.
>
> Kama kuna jambo hapa unalolikumbuka tofauti, andika unavyolikumbuka wewe. Na kama ni rahisi zaidi kuongea kwanza, nitakupigia saa utakayoniambia.
>
> Asante sana, Madamu.

Tazama kile ambacho hakimo humo. Hakuna mahali ulipojisifu. Hukusema wewe ni makini, mwaminifu, wala unafanya kazi bila kusimamiwa. Hayo ni maamuzi, na maamuzi ni yake. Wewe umempa usiku wa Jumamosi, masanduku ya baridi na karatasi ya halijoto yenye sahihi yake. Akisoma hapo atakumbuka mengine ambayo wewe mwenyewe huyajui, kwa mfano kwamba alipopigiwa simu jioni ile alikuwa shughuli nyingine na hakulazimika kuja, kwa kuwa aliamini uko stoo. Sentensi hiyo ikiingia kwenye barua ina thamani kuliko sifa kumi. Usingeweza kumwandikia, kwa sababu hukuwa kichwani mwake.

Ndiyo maana nasisitiza mambo aliyoyaona, wala si mafanikio yako kwa jumla. Huenda ulifanya jambo kubwa zaidi yeye asipokuwapo, au katika idara nyingine. Liache. Ukimpa jambo ambalo hakuliona, ana njia mbili: aliandike kama shahidi wa uongo, au aliache ashangae kwa nini umelileta. Matukio mawili yanatosha, matatu yakizidi sana. Nilishawahi kuletewa orodha ya mafanikio kumi na saba na kijana niliyempenda kweli. Niliisoma mara mbili, sikujua nichukue lipi, nikamwandikia barua ya jumla ambayo mpaka leo inanisuta.

Jinsi ya kuyachagua hayo mawili: chukua tangazo la kazi, pigia mstari mambo mawili wanayoyarudia, halafu tafuta tukio moja kwa kila jambo. Shirika hili linataka mtu wa baridi na mtu wa rekodi. Insulini na chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na anayesoma barua yako analijua hilo kuliko mimi. Akiona "haikupita nyuzi 8" hahitaji kuambiwa kwamba unaielewa kazi. Vivyo hivyo kosa la katoni na pakiti. Kila aliyewahi kuhesabu stoo amelala macho kwa sababu ya kosa la aina hiyo. Ungekuwa unaomba kazi ya mauzo, nisingeyagusa matukio haya, ningetafuta mengine.

Ile aya ya pale ulipohitaji kusukumwa ndiyo watu hunibishia. Wanauliza, kwa nini nimpe silaha? Kwa sababu fomu nyingi za marejeleo, na karibu kila simu ya marejeleo, ina swali la udhaifu. Asiyekuwa na jibu tayari atachukua la kwanza linalomjia, na linaweza kuwa lile la wiki uliyochelewa mara tatu kwa sababu ya mgomo wa matatu. Ukimkumbusha udhaifu wa kweli, mdogo, ambao yeye mwenyewe alisaidia kuuondoa, unampa jibu zuri na unampa heshima yake pia. Lakini uwe wa kweli. Ule wa "tatizo langu ni kufanya kazi kupita kiasi" hauaminiwi na mtu tena.

Sasa swali lako la pili, kuandika mwenyewe aweke sahihi.

Hapa Nairobi jambo hili ni la kila siku, sitajifanya silijui. Nusu ya mameneja watakwambia wenyewe, "Niandikie nitie sahihi." Asipokwambia, usimpelekee. Barua iliyokwisha kuandikwa, ukimletea asiyeiomba, inamwambia kwamba unachotaka kwake ni jina lake tu. Na kuna hatari ambayo anayeandika haioni. Niliwahi kukaa kwenye jopo tukawa na barua mbili za mwombaji mmoja, moja ya meneja wake na nyingine ya mhadhiri wake wa zamani, watu wasiofahamiana. Zote mbili zilitumia tamko lile lile adimu, na zote zilikuwa na neno moja lililokosewa herufi kwa namna ile ile. Hakuna aliyesema kitu. Faili iliwekwa upande wa kushoto wa meza, tukaendelea na ya pili.

Hatari nyingine ni simu. Shirika likimpigia Madamu liseme, "Umeandika kwamba alibuni mfumo mpya wa kupanga dawa kwa tarehe za kuisha muda, hebu tueleze," naye aliweka sahihi bila kusoma, atasitasita. Kusitasita kwa sekunde tatu kwenye simu kunatosha kukuangusha.

Akikuomba umwandikie rasimu, basi iandike, ila uifanye iwe rasimu kweli. Itume kama faili ya Word anayoweza kubadilisha, usitume PDF. Weka ukweli peke yake: tarehe, vyeo, matukio yale mawili kwa maneno makavu. Kila panapohitaji hukumu yake, acha pengo linaloonekana. Kwa mfano:

> "Nilimsimamia kuanzia Machi 2021 hadi Julai 2023, nikiwa meneja wa ghala. Novemba 2022 stima ilipotea na jenereta ikashindwa kuwaka. Alihamisha insulini kwenye masanduku ya baridi na kuandika halijoto kila nusu saa hadi saa nne usiku. Nilipoikagua rekodi hiyo Jumatatu, [MADAMU: ULIONA NINI?]. Miongoni mwa makarani niliowasimamia, [MADAMU: UNGEMWEKA WAPI?]."

Pengo la kukulinganisha na wengine ndilo lenye nguvu zaidi kwenye barua nzima. "Ni karani mzuri" ni maneno ya bure. "Kati ya makarani saba niliowasimamia, ndiye pekee niliyemwachia funguo za chumba cha baridi" ni ushahidi, na huwezi kuuandika wewe. Herufi kubwa kwenye mapengo si madoido. Zipo ili asiweze kutia sahihi kabla hajayajaza. Akirudisha barua na mapengo yamefutwa badala ya kujazwa, umeshapata jibu la jinsi anavyokukumbuka. Hapo mshukuru, na uitumie barua hiyo ikiwa tu huna nyingine.

Kuna jambo hukuliuliza lakini litakuja siku ya kupakia: karatasi na muhuri. Madamu alihama. Hawezi kukuandikia kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni yenu ya zamani, maana si mfanyakazi wao tena, na muhuri wao hana. Akitumia karatasi ya mwajiri wake wa sasa, itaonekana kana kwamba kampuni ya Westlands ndiyo inayokupendekeza, na huenda hairuhusiwi. Njia safi ni barua yake binafsi, kwenye karatasi tupu, na aya ya kwanza ieleze wazi: alikuwa nani wakati ule, wapi, na yuko wapi sasa. Chini kuwe na jina, cheo cha sasa, nambari ya simu na baruapepe ya kazini kama anakubali. Wanaosoma barua hizi hawashangai, mameneja huhama kila siku. Wanachotilia shaka ni barua yenye nembo ya kampuni ambayo mwandishi aliiacha mwaka juzi.

Ili barua yake iwe na mguu wa pili wa kusimamia, ambatisha cheti chako cha utumishi kutoka kwa kampuni ya zamani. Cheti hiki si hisani. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri akupe unapoacha kazi, mradi umefanya kwa majuma manne mfululizo au zaidi. Huandikwa jina la mwajiri na anwani yake, jina lako, aina ya kazi na mahali ulipoifanyia, siku ulipoanza na siku ulipomaliza. Mwajiri anayekunyima kwa makusudi au kwa uzembe anatenda kosa. Lakini kifungu hicho hicho kinasema pia kwamba mwajiri halazimiki kukupa ushahidi wa tabia wala wa utendaji kazi. Hiyo ndiyo mipaka yako: tarehe unazidai kwa haki, sifa unaziomba kwa adabu. Watu huzichanganya, wakaenda kumwomba Madamu kwa sauti ya kudai, na kwa idara ya wafanyakazi kwa sauti ya kubembeleza.

Ukishakipata cheti, linganisha tarehe zake na zile ulizomwandikia Madamu na zilizo kwenye wasifukazi wako. Zote tatu zifanane hadi mwezi. Anayekagua huanza kwa kupiga simu ya ofisi ya kampuni ya zamani, anauliza tarehe tu, na tofauti ya miezi mitatu inatosha kumfanya atie shaka yale mengine yote. Uliniambia kwamba barua yako ya ukarani ilikuja Februari 2022 lakini kazi yenyewe ulianza kuifanya Desemba. Andika Februari. Tukio la Desemba Madamu anaweza kulisimulia mwenyewe akitaka.

Kuhusu siku zilizobaki. Tuma ujumbe wa WhatsApp kesho Jumatatu asubuhi, baada ya saa tatu, wakati ameshamaliza mikutano ya asubuhi. Baruapepe ifuate dakika akikupa anwani, wala isingoje jioni. Umemwomba Jumatano ili ubaki na siku mbili za sahihi iliyosahauliwa au faili isiyofunguka, na hizo hutokea. Ikifika Alhamisi ya wiki hii hajakujibu hata neno, usimngojee yeye peke yake: mwombe yule mfamasia msimamizi uliyenitajia, kwa baruapepe ya namna ile ile lakini yenye matukio aliyoyaona yeye. Huyo hakuwa meneja wako, ila alikagua friji zako kila wiki, na kwa kazi hii neno lake lina uzito. Ukiishia na barua zote mbili, hakuna hasara, shirika halijakataza.

Madamu akijibu na kuahidi, kumbusho ni moja tu, Jumatatu ya wiki ijayo asubuhi, na liwe na kitu ndani yake. "Habari Madamu, nimekuwekea tena hapa maelezo ya barua ya Jumatano, yasije yakazama. Kuna lolote nikuongezee?" Umempelekea kazi mkononi tena bila kumuuliza amefikia wapi. Jumatano ikipita kimya, piga simu mara moja. Asipopokea, endelea na barua ya mfamasia.

Mashirika mengine hayataki barua mikononi mwako. Unajaza baruapepe ya mrejelewa kwenye tovuti yao, na mfumo unamtumia kiungo cha kujaza fomu. Soma tangazo lako tena uhakikishe si la namna hiyo. Likiwa la namna hiyo, mwambie Madamu jina la anayetuma ujumbe huo na siku utakapofika, kwa sababu mara nyingi huangukia kwenye kisanduku cha barua taka, naye atakaa akikungojea wewe huku nawe unamngojea yeye. Na usiandike nambari yake ya simu kwenye fomu yoyote kabla hajakukubalia. Kukubali kuandika barua hakumaanishi amekubali kupigiwa na watu asiowajua.

Barua ikifika, isome kabla ya kuipakia. Angalia jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe, jina la shirika (wengine hutumia barua ya mtu mwingine na kusahau kubadilisha), na kama sahihi ipo. Ukiona kosa la tarehe, mwombe alirekebishe yeye. Usiguse hata nukta ya faili iliyokwisha kutiwa sahihi.

Ukiitwa kwa mahojiano, mwandikie Madamu siku hiyo hiyo, kwa sababu wiki hiyo ndiyo simu yao itampata, pengine akiwa dukani au barabarani, na nambari ngeni. Mwambie nani atapiga na kwa kazi gani, na mtumie tena ile baruapepe yenye insulini na katoni 20. Ataisoma kwa dakika moja kabla ya kupokea.